Simu yangu inavyofika nyumbani na treni ya Pugu

Wengi wanaopanda treni ya Pugu, hapa Dar es Salaam, jioni huanza kulinda simu wakishaingia ndani ya behewa. Mimi huanza kabla sijafika stesheni, maana vibaka hufanya kazi yao mlangoni, na mlangoni huna mkono wa ziada.

Mbinu yao haibadiliki sana. Mmoja hutangulia, akifika kwenye ngazi anasimama ghafla kana kwamba kandambili imemvuka. Walio nyuma wanasukuma. Katika sekunde hizo tatu nne, mwenzake aliye ubavuni kwako, koti amelikunja juu ya mkono, anaingiza vidole viwili mfukoni. Huhisi kitu, kwa kuwa umebanwa pande zote. Simu ikitoka inapokewa na wa tatu, ambaye hata hapandi treni. Ndiyo maana kumpekua aliyekubana huwa ni kazi bure. Nikiona mtu kaganda mlangoni sisukumi. Najitoa pembeni, wapite wao kwanza.

Basi nikiwa bado njiani, nauli naihamishia mfuko wa shati, hela ya safari hiyo tu, nisije nikafungua pochi kwenye dirisha la tiketi. Pochi na simu zinaingia kwenye begi, na begi linakaa kifuani. Ila kifuani peke yake hakutoshi: wembe ukipasua kitako cha begi, vitu vinadondoka vyenyewe. Simu naiviringisha kwenye kanga na kuipachika juu kabisa, upande unaogusa kifua. Chini linakaa bakuli la chakula. Vishikizo vya zipu mbili navibana pamoja kwa pini kubwa, ile ya nepi. Haimzuii mwizi mwenye muda, lakini inamnyima zile sekunde zake.

Mtu akipaza sauti, "Jamani angalieni simu zenu, kuna wezi!", usijipapase. Wakati mwingine mpiga kelele ni mwenzao, na kila anayejigusa ameshaonyesha simu ilipo.

Ukipata siti ya dirishani, usitoe simu mpaka treni ishike mwendo. Mkono huingia kutoka nje pale treni inapoanza kusogea, kwa sababu huna namna ya kushuka umkimbize.

Kuna jambo la laini pia. Skrini yako hata iwe na nywila, mwizi anaweza kutoa laini, akaiweka kwenye simu nyingine na kupokea namba za uthibitisho za akaunti zako. Dawa yake ni PIN ya laini, inayowekwa kwenye mipangilio ya usalama ya simu. Kabla hujaigusa, uliza mtandao wako PIN ya mwanzo ni ipi: ukikosea mara 3 utadaiwa PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga, na PUK ukiikosea mara 10 laini inakufa. Halafu piga *#06#, nakili IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwenye daftari linalobaki nyumbani. Nimeona watu wanaipiga picha, na picha yenyewe iko kwenye simu hiyo hiyo.