Jua la Februari, shamba moja lenye mahindi, mtama na uwele (Nachingwea)

Huku Nachingwea mvua ni msimu mmoja tu, inaanza Desemba hivi, ikiwahi sana mwishoni mwa Novemba, inaishia Aprili au Mei, ila katikati hapo huwa inakata, mwishoni mwa Januari kuingia Februari, na ndo kipindi ambacho mahindi ya watu wengi yanaungua. Watu watakwambia mtama unavumilia jua, basi wanaishia hapo. Mi nilitaka nijue unavumiliaje, kwa hiyo msimu ule nikapanda vyote vitatu kwenye shamba moja la kimwinuko, siku zilezile za katikati ya Desemba: mahindi, mtama aina ya Macia, na kamstari ka uwele ambao mbegu yake niliagiza kwa shemeji yangu Dodoma.

Kabla sijafika kwenye jua niseme kitu kuhusu ardhi maana ndo ilinisaidia kuliko vyote. Shamba likilimwa kwa jembe la mkono miaka na miaka, jembe linagota kina kilekile, kama sentimita 15 hivi, chini yake panakuwa pagumu. Nilijua kwa kuchomeka nondo baada ya mvua, inaingia vizuri halafu inakwama. Kwa hiyo nusu ya shamba, kwenye mistari ya kupandia tu, nilipasua ule ugumu kwa sululu mpaka kupita futi moja kwenda chini, nusu nyingine nikaacha kama ilivyo kwa sababu hela ya vibarua iliisha. Mstari hadi mstari sentimita 75, mtama shina hadi shina 30, nikapunguza miche ikabaki miwili kila shimo ilipofikisha kama wiki mbili tatu. Kupunguza kunauma kwa kweli, unang'oa miche mizuri, ila miche sita kwenye shimo moja wakati wa jua inanyang'anyana maji hayohayo.

Sasa mvua ikakata. Siku za mwanzo ukipita saa saba mchana vyote vimejikunja, mahindi yamejikunja, mtama umejikunja, huoni tofauti, na mtu akipita barabarani anakupa pole kwa vyote. Jani la mazao haya upande wa juu lina chembe kubwakubwa za kuhifadhi maji, maji yakipungua zenyewe ndo zinasinyaa kwanza, kingo za jani zinainuka kukutana, linakuwa kama mrija na jua linapiga sehemu ndogo tu. Kwa hiyo kujikunja sio kufa, ni kujikinga. Ila jani lililojikunja limefunga na vile vitundu vyake vya kupumulia, halitengenezi chakula, likikaa hivyo wiki nzima mmea umesimama tu.

Bibi mmoja jirani, shamba lake linapakana na langu, ndo alinifungua macho. "Mjukuu wangu, hayo ya mchana achana nayo, njoo uyaangalie kabla jua halijatoka." Nikaanza kwenda alfajiri. Bwana wee! Mtama umefunguka kabisa, jani limelala flati, wakati mahindi pembeni bado yamesokotana vilevile kama ya jana mchana. Maana yake ni kwamba usiku jua halipo, mmea unavuta maji na kujaza yaliyopotea, sasa kama alfajiri bado umejikunja basi mizizi yake imekosa pa kuvuta. Tangu hapo kipimo changu ni hicho, cha mchana sikiangalii.

Nikachimba shimo kati ya mstari wa mahindi na wa mtama, kina cha kifuani. Juu palikuwa vumbi tupu, ukienda chini ya magoti unakuta udongo wa baridi, ukiufinya unashikana. Mizizi ya mahindi mingi iliishia kwenye vumbi, michache minene ndo ilishuka. Mtama mizizi yake ni myembamba, ina matawi mengi mno madogomadogo, na ilikuwa imeshuka mpaka kwenye ule ubaridi na kupita. Kwenye udongo mzuri mtama unaweza kufika mita moja na nusu mpaka mbili, uwele nao hauko nyuma. Na mahindi sio kwamba hayawezi kwenda chini, yanaweza, ila maji mengi yanayachukua tabaka la juu, na hilo ndo linalokauka kwanza. Halafu nikachimba upande ule ambao sikupasua, aisee, mtama wenyewe mizizi ilifika kwenye ugumu ikakunja kona ikaenda pembeni, na alfajiri mtama wa upande huo ulikuwa umejikunja karibu sawa na mahindi. Kwa hiyo mizizi mirefu inategemea umeipa njia, tena mapema, maana mizizi haipenyi kwenye udongo mkavu na mmea ukishachanua haiendelei sana kwenda chini. Anayepanda mtama Januari mwishoni akisema "utavumilia" mi simuelewi.

Kuna na ile nta. Ukishika bua la mtama uliokomaa kidogo, hasa pale jani linapokumbatia bua, kuna unga mweupe unabaki kwenye vidole, watoto wangu wanaandikia majina. Huo ndo nta. Vile vitundu vikishafungwa maji bado yanavuja kupitia ngozi ya jani, nta inapunguza huo uvujaji na weupe wake unarudisha jua. Mahindi nayo yanayo, ila kwenye majani ya utotoni tu, yale matano sita ya kwanza ukimwaga maji yanateleza kwa vidonge, ya juu yanayokuja baadaye maji yanatanda tu. Yaani linaingia Februari nta imebaki kwenye majani ya chini yanayokauka. Uwele wangu sikuuona na unga mweupe kama mtama, wenyewe ulikuwa unategemea mizizi na machipukizi.

Mvua ikarudi Februari imeshapita nusu. Mahindi yalikuwa tayari yametoa mbelewele, unga wake ukamwagika siku ambazo ndevu bado hazijatoka, ndevu zikija hakuna unga, ndo yale magunzi yenye mapengo. Mtama ua la kiume na la kike viko pamoja hukohuko kwenye suke, hausubiriani. Ila nisiupambe sana, masuke yalikuwa bado yapo ndani ya bua, yangekuwa yanajiandaa kutoka siku zile na mtama ungeumia, suke linakwama nusu ndani nusu nje na punje zinakuwa haba. Uwele mashina makubwa mengine yalichoka lakini machipukizi ya pembeni yakatoa masuke yao baada ya mvua.

Mahindi nilipata ya kuchoma na debe kadhaa za mapengo, mtama wa upande uliopasuliwa ndo umetulisha. Sasa hivi mahindi nimeyahamishia bondeni, huku juu ni mtama na uwele. Kero iliyobaki ni ndege, Macia ni nyeupe na fupi wanaipenda balaa, kwa hiyo lazima mtu wa kuamia kuanzia punje zikiwa na maziwa. Na kama una mbuzi, mtama mchanga uliopigwa na jua au machipukizi yanayoota baada ya kuvuna usiwaachie wale, yana sumu inayoua mnyama haraka. Mabua yakatwe yakauke vizuri kwanza ndo uwape.