Siku moja maishani mwangu: chumba cha mwisho verandani, Kisumu

Mimi ni afisa wa lishe katika kituo cha afya cha umma hapa Kisumu. Ukiuliza wagonjwa, mimi ni "yule dada wa kupima watoto mkono" au "wa kugawa unga". Wanaletwa kwangu kwa sentensi moja: "Pitia pale mwisho uambiwe chakula." Pale mwisho ni chumba kilichokuwa stoo ya ndoo, karibu na choo cha wafanyakazi. Ndani kuna meza, mizani, jagi la plastiki lenye mistari ya mililita, na vikombe vitatu vya ukubwa tofauti nilivyonunua soko la Kibuye kwa pesa yangu mwenyewe. Wenzangu hunicheka kwa sababu ya vile vikombe. Ngoja nikueleze kazi yake.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko jikoni, saa kumi na mbili na robo niko kwenye matatu, saa moja na nusu nimefungua mlango na kufuta vumbi.

Saa mbili hadi saa nne ni watoto. Uzito, urefu, mzunguko wa mkono, kilio, kadi, anayefuata.

Saa nne na dakika kumi akaingia mama mmoja wa miaka 72, mkono wa kushoto kwenye plasta, ameshikwa kiwiko na mwanawe. Karatasi ya klinishiani iliandikwa maneno mawili: "Lishe, mifupa." Alikuwa ameteleza uani akienda kuanua nguo. Hakuanguka kutoka juu ya kitu chochote. Aliteleza tu akiwa amesimama, akaegemea kiganja, kifundo kikavunjika. Kwa umri huo, mfupa ukivunjika hivyo unakuwa umekwisha kusema wenyewe kwamba umekonda.

Kabla sijamkaribisha mama kiti, kijana (kijana wa miaka arobaini na kitu) akaweka mezani karatasi ya maabara na mkebe wa vidonge.

"Madam, tusipoteze muda. Kalsiamu yake tumepima, iko sawa. Na dawa anazo."

Karatasi ilionyesha 2.3, na kawaida ni kama 2.2 hadi 2.6. Kweli iko sawa. Nikamwambia itakuwa sawa hata mifupa ikiwa imeliwa nusu, kwa sababu moyo na misuli haviwezi kungoja. Kalsiamu ya damu ikianza kushuka, mwili unaichota kwenye mifupa, ambako asilimia 99 ya kalsiamu yote imewekwa, na damu inabaki vizuri. Ni kama mtu anayelipa kodi ya nyumba kwa kuuza mabati ya paa. Mwenye nyumba hana malalamiko, lakini mvua ikija utajua.

Hakupenda. Akageuza mkebe. "Haya, hapa imeandikwa 1250. Anameza viwili. Hiyo ni 2500. Maziwa ya nini tena?"

Hapo nikavuta pumzi, maana hili hunikuta karibu kila wiki, na si kosa la wateja. Ile 1250 ni miligramu za kalsiamu kaboneti, yaani chumvi nzima. Kalsiamu yenyewe ndani yake ni asilimia 40, miligramu 500. Ilikuwa imeandikwa pia kwenye mkebe huo huo, kwa herufi ndogo mno. Nikamwonyesha, akasoma huku ameinua miwani.

"Mama, unavimeza saa ngapi?"

"Asubuhi, mwanangu, vyote viwili, pamoja na hii ya tumbo, kabla sijakula. Halafu choo kinafunga. Nikaacha. Huyu hajui." Akacheka, kijana akamtazama.

Kwa hiyo dawa zilikuwa mkebeni, hazikuwa mwilini. Na hata alipokuwa akizimeza, nyingi zilipita bure. Kaboneti inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, na asidi huja na chakula. Yeye alikuwa hajala, tena akaongezea dawa ya kupunguza asidi. Isitoshe, utumbo hupokea vizuri kalsiamu kama miligramu 500 hivi kwa mara moja. Ukiupa 1000, sehemu kubwa ya ile ya ziada inaelekea chooni.

Sasa swali langu la vikombe. "Mama, maziwa unakunywa?"

"Kila siku! Mara tatu."

"Chai?"

"Chai ya maziwa."

Nikampangia vikombe, akagusa cha katikati, mililita 250. Nyumbani kwao pakiti moja ya nusu lita inatiwa sufuriani na maji, inatoka thamosi mbili, vikombe kumi. Nikapima maji mililita 50 kwenye jagi, nikayamimina kwenye kikombe chake. Yalifunika chini tu, hata nusu ya kidole hayafiki.

"Haya ndiyo maziwa yaliyomo kwenye chai yako."

Aliinamisha kikombe, akakirudisha, akakiinamisha tena. Kijana naye akachungulia.

Maziwa yana kalsiamu kama miligramu 120 kwa kila mililita 100, kwa hiyo kikombe kile kizima kingempa 300. Chai yake inampa 60. Mara tatu ni 180, na mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji 1200 kwa siku. (Mwanaume ni 1000, akipita 70 naye anapanda hadi 1200.) Kijana akauliza kama ni kweli mwili hauchukui yote. Swali zuri, la kwanza asubuhi ile. Ni kweli, kwenye maziwa unachukua kama theluthi, lakini ile 1200 ilipangwa hasara hiyo ikiwa imeshahesabiwa. Usiizidishe tena mara tatu.

Tukaendelea na sahani. Ugali na sukuma mchana: tuweke 100, na kalsiamu ya sukuma inapokelewa vizuri. Terere anapenda, lakini terere na spinachi zimeishika kalsiamu yake kwa oksaleti, haiachii. Ni mboga nzuri kwa mengine, kwa mifupa siihesabu. Jioni samaki.

"Samaki gani?"

Kijana akajibu kwa fahari: "Fileti ya mbuta. Omena nilikataza. Mama yangu hatakula chakula cha kuku."

Jamani. Tumekaa kando ya ziwa, samaki anayeliwa na mifupa yake yote anauzwa kwa kopo, halafu mtu ananunua kwa bei ghali nyama ambayo mifupa imetolewa kwa kisu. Kalsiamu ya samaki iko mifupani. Fileti inampa protini, jambo jema, lakini kalsiamu ni kidogo sana. Kiganja kimoja cha omena kavu kinampa 200 au zaidi. Nilisema hayo kwa upole kuliko ninavyoyaandika hapa. Mama alinyamaza, halafu akasema polepole, "Mimi omena nilikuwa naitamani."

Jumla ya siku yake haikufika 350.

Nikamuuliza kuhusu figo na mawe ya figo kwanza, hana. Nikamwambia vikombe viwili vya maziwa, akakunja uso: yanamjaza gesi, tumbo linanguruma. Watu wazima wengi hupungukiwa na kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Basi maziwa lala. Vijidudu vinavyoyagandisha vimekwisha kuila sehemu ya ile sukari, na kalsiamu haijaenda popote. Kuchemsha pia hakuiondoi, wala kuengua utando wa juu, kwa sababu utando ni mafuta. Kinachoiondoa ni mchuuzi anayeongeza maji.

Mwishowe tukaandika hivi: kikombe cha lala saa nne na kingine saa kumi, 600. Omena mchana, 200. Sukuma 100. Chai mbili, abaki nazo, 120. Inafika 1020. Pengo lililobaki linafunikwa na kidonge kimoja, si viwili, katikati ya chakula cha usiku. Atafika 1520, juu ya 1200 bila kufikia 2000, ambayo ndiyo mpaka wa juu kwa umri wake. Na kwa kuwa ni kimoja, huenda choo kikamhurumia.

Nilidhani tumemaliza. Kijana akasema, "Na jua anapata, nimemwekea kiti dirishani."

Dirisha la kioo. Miale inayotengeneza vitamini D ngozini haipiti kwenye kioo, unapata joto tu. Na bila vitamini D utumbo unaweza kuchukua kalsiamu asilimia 10 au 15 tu, hata uoge kwa maziwa lala. Nikamwambia akitoe kiti nje, wakati kivuli cha mama ni kifupi kuliko mama mwenyewe, mikono na miguu wazi, kwa nusu saa hivi. Lakini sikumdanganya: ngozi ya miaka 72 inatengeneza kidogo sana kuliko ya msichana, hata jua likiwa la Kisumu. Akipita 70 anahitaji uniti 800 kwa siku, na kidonge chake kina 200. Nikamwandikia klinishiani aongeze vitamini D peke yake, aangalie ile dawa ya tumbo kama bado inahitajika, na ampeleke akapimwe uzito wa mifupa. Kikombe cha lala hakitibu mfupa uliokwisha kuvunjika kwa kuteleza. Pengine atahitaji dawa ya mifupa yenyewe, na mara nyingi hiyo inamezwa kwa maji matupu kabla ya kula, maziwa mbali.

Walipotoka ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Saa nzima na zaidi kwa mtu mmoja. Foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi, na mzee mmoja wa kisukari akaniuliza kwa sauti kama humo ndani tulikuwa tunapika.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Stima ilipotea, ikarudi. Nilikula ndizi mbili nikiwa nimesimama. Kulikuwa na mama wa mapacha, kulikuwa na ripoti ya mwezi ambayo namba zake zilikataa kujumlika, kulikuwa na mwenzangu aliyeazima jagi langu kuchanganyia jiki na nusura nilie. Sauti ilikuwa imekauka. Nilipofunga mlango, mwanga ulikuwa tayari wa rangi ya chungwa.

Nimefika nyumbani miguu imevimba. Nikachemsha chai, nikafungua friji, hakuna maziwa. Nikanywa strungi.

Simu ikalia. Namba ya kituo ninayobaki nayo jioni. Ni yule kijana, na nyuma yake nasikia sufuria na sauti ya mama ikielekeza.

"Madam, samahani kwa usumbufu. Hizi omena, vichwa tunatoa?"

"Usitoe."

"Ananiambia hata yeye alisema hivyo."