Meli iliyofichwa na rangi: nilivyotafuta picha kwa picha

Mwaka 2012 nilipewa mkusanyiko wa picha zipatazo 6,000 zilizoskaniwa, na kazi iliyosikika kuwa nyepesi: mtu akileta nakala ya picha, nimtafutie asili yake. Maelezo ya maandishi hayakuwapo. Majina ya mafaili yalikuwa namba tupu, kwa hiyo kompyuta ilibidi itazame picha zenyewe.

Nilianza na histogramu ya rangi, njia ambayo Swain na Ballard waliieleza mwaka 1991. Unagawa rangi zote katika visanduku, unahesabu pikseli ngapi zimeangukia kila kisanduku, kisha unalinganisha hesabu za picha mbili. Nilitumia aina ya rangi na ukolevu wake, nikaacha mwangaza:

```python
hsv = cv2.cvtColor(picha, cv2.COLOR_BGR2HSV)
h = cv2.calcHist([hsv], [0, 1], None, [18, 8], [0, 180, 0, 256])
cv2.normalize(h, h, 1, 0, cv2.NORM_L1)
```

Visanduku 144 kwa kila picha, na picha 6,000 zinalinganishwa kufumba na kufumbua. Kwa nakala safi iliyopunguzwa ukubwa tu, jibu lilikuja la kwanza kila mara. Nikaridhika mapema mno.

Ndipo mama aliyekuwa akitunza mkusanyiko akaniletea picha ya meli iliyotia nanga kando ya winchi kubwa. Ilikuwa nakala ya zamani iliyosafishwa kwenye karatasi, imepauka na kuwa nyekundunyekundu, na mtu alishaikata upande wa kushoto. Niliipitisha kwenye programu. Akatazama majibu ishirini ya mwanzo, akasema, "Mwanangu, mimi nataka meli, wewe unaniletea machweo."

Alisema kweli tupu. Rangi za picha ya karatasi hazififii kwa kasi moja. Moja ikitangulia kupotea, picha nzima inaelemea upande wa zile zilizobaki. Chukua mfano wa visanduku vitatu tu: buluu, kijivu na nyekundu. Asili ya meli ina 0.5, 0.3 na 0.2. Nakala iliyopauka ina 0.1, 0.3 na 0.6. Kipimo kinachukua namba ndogo katika kila kisanduku na kujumlisha: 0.1 + 0.3 + 0.2, yaani 0.6. Sasa leta picha ya machweo yenye 0.1, 0.2 na 0.7. Ukiilinganisha na ile nakala unapata 0.1 + 0.2 + 0.6, yaani 0.9. Picha isiyohusika inaipita asili kwa mbali, na hesabu haijakosea popote. Histogramu inajua kuna wekundu kiasi gani. Haijui wekundu huo umekaa wapi wala umechora nini.

Kwa picha zilizoskaniwa kwa kijivu hali ilikuwa mbaya zaidi. Pikseli ya kijivu haina aina ya rangi, na OpenCV, maktaba ya programu niliyoitumia, huiandikia sifuri. Ukolevu wake nao ni sifuri. Basi pikseli zote za picha hizo zinarundikana kwenye kisanduku kimoja, na kila picha ya kijivu inafanana na nyingine kwa alama 1.0 kamili. Ukiona orodha ndefu ya alama 1.0 zilizofuatana, ujue ndicho kilichotokea.

Nikahamia kwenye nukta bainifu za SIFT, ambazo David Lowe alizichapisha kwa ukamilifu mwaka 2004. Hapa kompyuta inatafuta sehemu zenye umbo la kukumbukika, kama kona ya dirisha au kichwa cha msumari, na kueleza mtaa wa kila nukta: viboma 16, kila kimoja na mielekeo 8 ya mabadiliko ya mwangaza, jumla namba 128. Kwa kuwa kinachopimwa ni mabadiliko, na urefu wa vekta husawazishwa, picha ikipauka bado maelezo hayabadiliki sana. Rangi haimo kabisa.

Kila nukta ya nakala inatafutiwa jirani wa karibu katika picha nyingine. Jirani huyo anakubaliwa tu ikiwa umbali wake haufiki 0.8 ya umbali wa jirani wa pili. Kisha mbinu iitwayo RANSAC inauliza kama jozi zilizobaki zinaweza kuelezwa na badiliko moja la kijiometria: kuzungusha, kukuza, kuinamisha. Nilipoilinganisha ile meli na picha niliyodhani ndiyo asili, jozi 83 zilikubaliana. Na picha nyingine yoyote niliyojaribu, hazikuzidi 11.

Lakini nukta 1,000 dhidi ya nukta 1,000 ni umbali milioni moja kwa picha moja, na picha zilikuwa 6,000. Nikafanya jambo lililoonekana la busara: histogramu ichague picha 100, SIFT izikague hizo tu. Meli ikapotea tena. Nilipoteza siku mbili nikirekebisha vizingiti vya SIFT kabla sijachapisha nafasi ya asili kwenye orodha ya histogramu. Ilikuwa ya 1,912. SIFT haikuwahi hata kuonyeshwa. Tangu hapo, kabla ya kugusa hatua ya pili, napima kwanza kama jibu sahihi limevuka hatua ya kwanza.

Tiba ilikuwa kubadili mchujo wenyewe, kwa njia ya Sivic na Zisserman ya mwaka 2003. Nilikusanya sampuli ya nukta, nikazigawa katika makundi 10,000, na kila kundi likawa kama neno. Picha ikawa orodha ya maneno, na faharasa inasema neno fulani limo katika picha zipi, kama faharasa ya nyuma ya kitabu. Neno lililo katika picha nyingi linapewa uzito mdogo. Meli ikatokea nafasi ya 7, na baada ya ukaguzi wa RANSAC ikawa ya kwanza.

Halafu zikaja jozi za uongo. Picha mbili zisizohusiana zilikubaliana kwa nukta 60 na zaidi. Nilipochora mistari ya jozi hizo, yote ilikuwa imejibana kwenye ukanda mwembamba wa chini: kadi ya kupimia rangi iliyowekwa kando ya kila picha wakati wa kuskani, pamoja na maandishi yake. Nilikata ukanda huo kabla ya kutoa nukta, na nikaweka sharti kwamba jozi zitawanyike katika picha. Idadi peke yake haitoshi. Tazama zimekaa wapi.

Zilibaki picha za ukungu na zilizotikisika, zenye nukta chache mno. Hizo nilizirudishia histogramu, ikasaidia pale rangi zilipokuwa nzima.

Na zilibaki chache zenye maumbo makali, zenye nukta tele, ambazo hazikupata mwenzake hata kidogo. Moja ilikuwa na bango nyuma ya watu. Nililikuza ili nisome, herufi zikawa kinyumenyume: filamu iliskaniwa upande usio wake. SIFT inavumilia picha kuzungushwa, haivumilii kugeuzwa kama kwenye kioo. Nikaongeza mstari mmoja, `cv2.flip(picha, 1)`, kila picha ya kuulizia ikatafutwa mara mbili, na asili ya ile yenye bango ikaja juu.