Kumbukumbu ya propozo yangu: kuweka tatizo, malengo na maswali kwenye mstari mmoja

Rasimu ilipo sasa

Kwa wanaonifuatilia tangu mwanzo, mradi bado ni uleule: propozo ya shahada ya uzamili kuhusu mifuko ya kinga njaa kwa wakulima wa mahindi wilayani Kongwa, Dodoma. Mfuko huu una matabaka matatu, nailoni mbili ndani na kiroba cha kawaida nje. Ukifungwa sawasawa hauingizi hewa, kwa hiyo wadudu waliomo humaliza oksijeni, huacha kula, hatimaye hufa. Dawa haihitajiki.

Rasimu imerudi kutoka kwa mwalimu wangu msimamizi. Sura ya kwanza haina alama nyingi, ila pembeni ameandika kwa penseli: "Hapa pana tafiti tatu. Mwenye nyumba ni yupi?" Nimezitoa sehemu tatu husika nikazipanga juu ya karatasi moja, kwa ufupi:

> Tatizo: Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliwagusa watu 68, na 20 walifariki. Pamoja na kuwepo kwa mifuko ya kinga njaa, uhifadhi wa mahindi bado ni duni.
>
> Lengo mahususi: Kubaini mambo yanayoathiri matumizi ya mifuko ya kinga njaa.
>
> Swali: Je, mifuko ya kinga njaa imeongeza kipato cha mkulima?

Kila sentensi ikisimama peke yake haina kosa. Zikisimama pamoja, ya kwanza inazungumzia afya, ya pili inazungumzia tabia ya mkulima, ya tatu inazungumzia fedha. Mfuko ndio pekee unaoonekana kote, na ndiyo maana macho yanadanganyika, kwa sababu neno likijirudia mara tatu unadhani hoja nayo imejirudia.

Kabla ya kugusa chochote nimefanya jaribio dogo. Rafiki yangu anayesoma uhasibu nimempa maswali matupu, bila kichwa wala tatizo, nikamwambia, "Kaka, nibashirie utafiti huu unahusu nini." Akasoma, akasema, "Huu ni wa kipato cha wakulima wa Kongwa." Sumukuvu hakuitaja, na angeitajaje wakati haimo?

Tatizo kwanza, maneno baadaye

Njia rahisi ingekuwa kunakili malengo na kuyageuza yawe maswali: "kubaini mambo" iwe "ni mambo gani". Wengi tunaishia hapo, na karatasi inapendeza. Ila malengo na maswali yakishafanana, bado yanaweza kuning'inia hewani iwapo tatizo liko upande mwingine. Kwa hiyo nimeanzia kwenye tatizo, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Sumukuvu ni sumu ya ukungu, na ukungu huo unaweza kuingia kwenye hindi likiwa bado shambani, hasa ukame ukilikamata likiwa linakomaa. Unaendelea tena wakati wa kukausha, mahindi yakianikwa chini au yakinyeshewa. Mfuko usioingiza hewa unazuia ukungu usizidi, kwa sharti kwamba mahindi yameingia makavu, unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Sumu iliyokwishaingia hauiondoi. Mkulima akifunga mahindi yenye sumu, atayafungua yakiwa na sumu ileile.

Maana yake, hata kila kaya ya Kongwa ingetumia kinga njaa kesho, tatizo nililoliandika lingepungua kidogo tu. Hapa hakuna usahihishaji wa lugha utakaosaidia, kwa sababu kiungo kati ya tatizo na malengo ni kiungo cha sababu na matokeo, na sababu yenyewe haifiki. Nilibakiwa na njia mbili: nibaki na sumukuvu na malengo yahamie kwenye ukaushaji, au nibaki na mifuko nitafute tatizo ambalo mfuko unalimudu kweli.

Nimechagua mifuko, kwa kuwa vijiji navifahamu. Tatizo ambalo mfuko unalimudu ni wadudu, na hasa dumuzi, yule ambaye wakulima wengi wanamwita skania. Huyu si mdudu wa asili ya huku. Aliingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, akaonekana kwanza mkoani Tabora, na huyageuza mahindi kuwa unga ndani ya miezi michache. Mkulima anayemwogopa huuza mapema Kibaigwa, wakati kila mtu anauza na bei iko chini, halafu miezi ya njaa ananunua mahindi yaleyale kwa bei ya juu.

Mlipuko wa 2016 nimeufuta. Iliniuma kidogo, maana ndiyo sentensi iliyokuwa inamshtua msomaji. Ila ikibaki, msomaji ataingoja hadi sura ya mwisho.

Sentensi ya pengo

Tamko la tatizo lina sehemu nyingi: hali inavyotakiwa iwe, hali ilivyo, yaliyokwisha kufanywa, madhara. Ila malengo yote hutoka kwenye sentensi moja tu, ile inayosema kipi hakijulikani. Yangu ilikuwa "uhifadhi bado ni duni". Hiyo ni lawama, haitaji jambo lolote lisilojulikana.

Pengo nililolipata ni hili. Tafiti nyingi za mifuko hii hugawa wakulima mafungu mawili, anayetumia na asiyetumia. Aliyetumia msimu mmoja akaacha anawekwa fungu moja na yule ambaye hajawahi kuugusa mfuko, ilhali sababu zao haziwezi kuwa moja. Ambaye hajawahi pengine hana hela au hajausikia. Aliyeacha alikuwa na hela, aliusikia na aliujaribu, kisha kuna kitu kikamtoa. Huenda panya walitoboa nailoni. Huenda dumuzi wenyewe walitoboa, maana wana uwezo huo. Huenda duka la kata halikuleta mifuko mingine.

Sentensi mpya inasomeka hivi:

> Haijulikani ni sehemu gani ya kaya zilizowahi kutumia mifuko ya kinga njaa wilayani Kongwa zimeacha, kwa nini zimeacha, na zimerudi kwenye njia gani ya kuhifadhi.

Ina vitu vitatu visivyojulikana, na malengo mahususi ni matatu. Swali la kipato limeondoka bila kufukuzwa, kwa kuwa halikuwa na pa kukaa.

Lengo la tatu, la njia waliyoirudia, lilikuwa na kasheshe. Lilikuwepo kwenye malengo kabla ya kuwepo kwenye tatizo, na nilikaribia kulikata. Nikajiuliza: nikilijua jibu, tatizo linabadilika? Linabadilika. Kaya iliyorudi kwenye dawa ya unga bado inayalinda mahindi yake, na iliyorudi kwenye kuuza mapema imerudi kwenye hasara ileile. Kwa hiyo limebaki, na tatizo limeongezewa maneno ya kulibeba. Ningeshindwa kujibu swali hilo, lingeondoka hata kama linapendeza.

Vitenzi vya malengo

Rasimu ya zamani ilijaa "kutathmini athari". Athari ni ahadi nzito. Inahitaji hali ya kabla na ya baada, au kundi la kulinganisha lililopatikana kwa utaratibu. Mimi nitapita vijijini mara moja na hojaji. Kitenzi cha lengo lazima kitimizwe na data nitakayokuwa nayo mkononi, kwa hiyo kwenye lengo la kwanza nimeweka "kubaini uwiano".

Lengo la pili ndilo lililonichelewesha. Nilikuwa nimeandika "kubaini mambo yanayohusiana na kuacha", na swali lake likauliza "kwa nini kaya zinaacha?" Yanafanana, lakini si kitu kimoja. Mambo yanayohusiana ni hesabu: unachukua ukubwa wa kaya, umbali hadi dukani, kiasi cha mavuno, unaviingiza kwenye rigresheni ya lojistiki. "Kwa nini" ni simulizi, unamwuliza mama mwenye mahindi naye anakueleza panya walifanyaje. Rigresheni itakwambia kwamba wanaokaa mbali na duka wanaacha zaidi, haitakwambia habari za panya hata siku moja kama hukuuliza. Nimechagua sababu wanazozitoa wenyewe, kwa usaili wa kaya zilizoacha, na lengo sasa linasema "kueleza sababu ambazo kaya zinazitoa". Neno "mambo" nimelitoa kabisa, linapenda kuficha kila kitu.

Nani ameacha?

Neno "kuacha" liko sasa kwenye kichwa, tatizo, lengo kuu, malengo na maswali, na kote lazima liwe na maana moja. Nilianza na maana nyepesi: kaya iliyowahi kutumia mfuko na haikuutumia msimu uliopita. Halafu nikakumbuka hii ni Kongwa. Mvua ikikatika Februari, kaya inavuna debe mbili na haina cha kuhifadhi. Hiyo haijaacha mfuko, imekosa mahindi. Kwa maana yangu ya kwanza, mwaka wa ukame ungenipa kaya zilizoacha tele, na ningeulaumu mfuko kwa ubaya ambao ni wa mvua.

Maana iliyokaa: kaya iliyowahi kuhifadhi mahindi kwenye angalau mfuko mmoja wa kinga njaa, iliyokuwa na mahindi ya kuhifadhi msimu uliopita, na haikuhifadhi hata kidogo kwenye mfuko huo.

Marekebisho haya yamefika hadi kwenye sampuli, jambo ambalo mwalimu hakuligusa. Sampuli ya zamani ilitoka kwenye orodha ya kaya zote za wakulima kijijini. Sasa ninaowahitaji ni waliowahi kutumia tu, na orodha yao haipo ofisi ya mtendaji. Kwa fomula ya kawaida ya uwiano, n = z²pq/d², ukichukua p ya 0.5, kosa la asilimia 5 na uhakika wa asilimia 95, zinatoka kaya 384. Tuseme kaya moja kati ya nne imewahi kutumia, itabidi nibishe hodi kwenye kaya 1,536 ili nizipate. Kwa bajeti yangu haiwezekani. Nikikubali kosa la asilimia 7 zinatoka 196, yaani hodi 784. Hiyo naweza kuibeba nikiwa na wasaidizi wawili na mabalozi wakinisaidia kujua pa kuanzia.

Kilichobaki

Hojaji. Kila swali nimelipa namba ya lengo linalolihudumia, na yasiyopata namba nayapiga mstari. Dini ya mkuu wa kaya imeondoka, na hali ya ndoa pia. Idadi ya mbuzi bado nabishana nayo. Lengo la pili lina maswali machache mno kwa ulinganisho, na nadhani itabidi niongeze moja la kumwomba mwenyeji atuoneshe mfuko wenyewe kama bado upo, tuone umetoboka wapi. Rasimu inarudi kwa mwalimu wiki ijayo, ikiwa na ile karatasi yenye tatizo, malengo na maswali imebanwa mbele.