Gololi ya pedali na kidoti cha Poisson

Nilikua mwaka wa pili chuo, nasoma fizikia, nikachukua kozi moja ya falsafa ya sayansi kwa sababu tu nilisikia haina mtihani mgumu. Wiki ya sita zamu yangu ya kuprezenti ikafika na mada ilikua ni ule ugomvi wa realizimu na instrumentalizimu, yaani nadharia zetu zikisema kuna elektroni je tuamini elektroni ipo kweli, au tuseme nadharia ni kama kikokotoo tu, kinatoa majibu sahihi na mengine hayatuhusu. Mimi nilikua realisti wa kufa mtu. Nikasema siku hiyo siendi na makaratasi, naenda na ushahidi.

Nikaenda kwa fundi baiskeli, nikamwambia mjomba naomba gololi moja ya pedali, zile za kama milimita 4, akanipa tatu akacheka. Nikaibandika moja kwa supaglu kwenye kipande cha kioo. Ya kwanza niliharibu, gundi ilivuja pembeni ikaonekana kwenye kivuli kama kitambi, na hii kitu haitaki mchezo, ukingo lazima uwe duara safi. Ya pili nikaweka tone dogo sana likajificha nyuma ya gololi. Halafu leza ya mkononi, ile nyekundu ya kuchezea paka, na lenzi ndogo niliyoitoa kwenye sidii pleya iliyokufa, maana mwanga wa leza peke yake ni mwembamba kuliko gololi, bila kuutanua unapiga chuma tu na ukutani huoni kitu.

Siku ya semina tukafunga mapazia, gololi nikaiweka kama mita moja kutoka kwenye lenzi, ukuta mita tatu nyuma yake. Kivuli cha duara kikatokea, na katikati kabisa ya kivuli, pale ambapo akili inakwambia pawe na giza kuliko pote, kidoti cha mwanga kisichofika hata milimita moja. Darasa zima likasogea. Kuna jamaa akasema gololi imetoboka, nikaisogeza kidogo na kidoti kikafuata kivuli, nikaizungusha bado kipo, akanyamaza.

Ndio nikatoa stori yangu. Mwaka 1818 Akademia ya Sayansi ya Paris ilikua na shindano la kueleza jinsi mwanga unavyopinda kwenye kingo za vitu. Fresnel, injinia wa barabara, akaleta nadharia kwamba mwanga ni wimbi. Mmoja wa majaji, Poisson, alikua anaamini mwanga ni chembechembe, akapiga hesabu za Fresnel ili amuumbue, akasema kama huyu yuko sahihi basi katikati ya kivuli cha kisahani cha duara lazima pawe na mwanga kana kwamba kisahani hakipo, si upuuzi huu? Arago, jaji mwingine, akaenda kujaribu na kisahani cha chuma cha milimita 2. Kidoti kikawepo. Fresnel akachukua zawadi mwaka 1819. (Maraldi alishakiona mwaka 1723 ila hakuna aliyekua anakikumbuka.)

Nikamalizia kwa mbwembwe. Mwanafalsafa Putnam alisema mwaka 1975 kwamba realizimu ndio falsafa pekee isiyofanya mafanikio ya sayansi yawe muujiza, na mimi nikawauliza wenzangu, kama mwanga si wimbi kweli, hesabu ilijuaje kuna kidoti pale? Chombo kilichotengenezwa kufungulia nati hii hakikwambii kuna nati nyingine ukutani ambayo hujawahi kuiona. Watu wakapiga makofi.

Mwalimu wetu, mzee mmoja mpole sana, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Kijana, Fresnel alisema ni wimbi la nini?"

Nikajibu haraka, la etha, kile kitu kisichoonekana walichodhani kimejaa kila mahali na ndio kinabeba mwanga.

"Sawa. Iko wapi?"

Aisee. Nilijua jibu, kila mtu wa fizikia analijua, Michelson na Morley waliitafuta mwaka 1887 wakakosa, Einstein mwaka 1905 akasema haihitajiki. Lakini sikuwahi kuviweka hivi viwili meza moja. Mzee akaendelea taratibu tu, kwamba mwanafalsafa Laudan mwaka 1981 alitoa orodha ya nadharia zilizofanya kazi vizuri halafu kitu chenyewe zilichokitaja kikaonekana hakipo, kuna flojistoni iliyodhaniwa inatoka kitu kikiungua, kuna kaloriki iliyodhaniwa ndio joto lenyewe, kuna etha, na kama za jana zote zilifaulu na zilikufa, za leo zina kinga gani? Akasema marealisti huwa wanaipunguza orodha kwa kudai nadharia iwe imetabiri kitu kipya, na kweli nadharia nyingi za kwenye orodha zinaanguka hapo. "Ila wewe umeniletea moja ambayo haianguki. Umeibeba mwenyewe na gololi."

Kicheko. Mimi nilitamani mapazia yaendelee kufungwa.

Usiku huo sikulala, nikakaa na hesabu ya kidoti. Na nikapata kitu, au nilidhani. Ukiangalia sababu ya kidoti ni rahisi mno: kila sehemu ya ukingo wa duara iko umbali uleule kutoka katikati ya kivuli, kwahiyo mawimbi yanayozunguka ukingo yanafika pamoja yakiwa sawa na yanasaidiana. Basi. Hakuna mahali unaweka uzito wa etha wala ugumu wake. Nikarudi kwa mzee ofisini asubuhi, nikamwambia mwalimu, etha ilikua abiria tu, haikuendesha gari, kilichotabiri ni wimbi na wimbi bado tunalo.

Akatabasamu akachukua kioo cha miwani yake. Akaniuliza kioo kinarudisha mwanga kiasi gani ukikipiga moja kwa moja. Nikapiga fomula ya Fresnel, kipimo cha jinsi kioo kinavyopinda mwanga ni 1.5:

R = ((1.5 − 1)/(1.5 + 1))² = 0.04

Asilimia 4 kila uso. Sahihi mpaka leo, tunaifundisha. Akasema hiyo Fresnel aliipata mwaka 1823 kwa kudhani ugumu wa etha ni uleule hewani na kwenye kioo ila ndani ya kioo ni nzito zaidi. Hapo abiria alishika usukani, na gari likafika.

Nikabaki na kona moja, ile ya mwanafalsafa Worrall ya mwaka 1989: fomula ileile inatoka kwenye milinganyo ya Maxwell ya umeme na sumaku bila etha yoyote, kwahiyo Fresnel alikosea mwanga ni kitu gani ila alipatia umbo la mahusiano yake, na hilo umbo ndio linabaki nadharia zinapozikwa. Mzee akakubali ni jibu zuri kuliko la jana. Halafu akasema, lakini hapo umeshampa mwenye kikokotoo nusu ya nyumba, maana na yeye anasema hivyohivyo, milinganyo inatosha. Na pia, mwaka 1823 nani angekwambia kipi kitabaki na kipi kitazikwa? Fresnel mwenyewe asingeweza. Kuchagua baada ya mazishi ni rahisi.

Alinipa B+. Alama za kidoti alisema, si za hoja.

Kwenye daladala usiku nikirudi geto nilikaa dirishani, nje giza, na sura yangu ikawa inaonekana hafifu kwenye kioo, mara mbili kidogo, moja uso wa ndani na nyingine uso wa nje, asilimia 4 na 4 nyingine pungufu kidogo. Nikaanza kuhesabu tena nikapitiliza kituo.