Debe kumi, uniti kumi na nne

Mwezi wa tano mwaka 2022, nikiwa Maskati, nilimwambia mama yangu mdogo kwenye simu kwamba mwanawe ananiibia.

Mashine yetu ipo Isevya, Tabora mjini. Ni ya kusaga, ya nyundo, mota ya farasi 20, umeme wa fezi tatu. Niliichagua kwa sababu ya LUKU. Nilikuwa nimefikiria duka kwanza, nikaliacha: dukani kuna sukari, sabuni, vocha na madeni ya majirani, na aliye mbali hana pa kushika. Bodaboda nayo kila jioni ina hadithi yake. Mashine inakula umeme, na umeme una mita. Kila jioni wakishafunga, mama mdogo alipiga picha ya mita na ya ukurasa wa daftari la madebe, akanitumia. Mwanawe ndiye aliyekuwa kijana wa mashine.

Kwa sababu hiyohiyo sikuweka mashine ya kukoboa mwaka wa kwanza. Wateja wa sembe walitukimbia, na iliniuma, lakini debe la sembe linapita mashine mbili, la dona moja. Yote yakipita kwenye mita moja, nisingejua lolote.

Kwa mashine yetu, debe moja la mahindi makavu lilikuwa linakula uniti moja hivi. Madebe 60, uniti 60 au 62. Miezi minane ilikwenda hivyo. Kisha ikaanza kupanda kidogo kidogo, na mwezi wa tano daftari likasema madebe 60, mita ikasema uniti 83. Nikapiga hesabu: madebe 20 na zaidi yamesagwa, hayakuandikwa.

"Shikamoo mama. Uniti hazidanganyi," nilimwambia.

Alinyamaza kidogo. "Marahaba. Mwanangu, mita imekuambia umeme umetumika. Imekuambia umetumika kwa nani?"

Alisema huenda ni mahindi mapya, watu wanayaleta kabla hayajakauka. Na kweli mahindi yenye unyevu yanaziba chekeche, mota inahangaika. Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua, nikaona ni utetezi wa mzazi. Hadi leo najuta jinsi nilivyokata ile simu.

Usiku sikulala vizuri. Nikajiuliza: kama ni wizi, ungeonekanaje? Mtu akisaga usiku, mita ya asubuhi itakuwa chini kuliko ya jioni. Siku tatu mfululizo nikamwomba mama picha mbili, ya kufunga na ya kufungua. Usiku hapakushuka kitu zaidi ya taa ya nje. Ikabaki mchana.

Siku ya nne nikaomba jambo lingine. Mama apate madebe 10 ya mahindi ya mwaka jana, yale ukiyauma yanakatika kwa mlio. Apige picha ya mita, yasagwe hayo tu bila mteja mwingine kuingia katikati, apige picha tena. Nami nikae kwenye simu nisikilize.

Nilikuwa nimekaa kitandani na saa mkononi. Nilisikia debe la kwanza likimiminwa, mota ikazama, sauti ikawa nzito, ikaendelea kuwa nzito. Mwanzoni kabisa, nilipokuwa likizo nimesimama pale pale, debe lilikuwa linaisha kwa dakika nne. Hili lilichukua karibu sita. La pili hivyohivyo. Kufika debe la tatu nilikuwa nimeshajua, mikono imepoa. Picha ya mwisho ilipoingia, madebe 10 yalikuwa yamekula uniti 14. Mahindi makavu, mbele ya macho ya mama, na hakuna hata punje iliyoibwa.

Fundi alifungua mashine jioni ile. Mama alinitumia picha ya nyundo moja kiganjani mwake: kona iliyopaswa kuwa kali ilikuwa imeliwa, imeviringana kama sabuni iliyokaribia kwisha. Nyundo kama hiyo haivunji punje kwa pigo moja. Inaizungusha, na mota inaendelea kula umeme mpaka unga uwe laini kiasi cha kupita kwenye chekeche. Akazigeuza zote upande wa pili kwa pamoja, maana ukigeuza baadhi uzito haulingani na mashine inatetemeka. Kesho yake madebe 10 yalikula uniti 10 na nusu.

Nilimpigia mama, nikamwomba radhi, akasema yamekwisha. Mwanawe hakupokea. Nikamwandikia ujumbe mrefu, nikamweleza nilivyokosea, na nikamwomba aongeze safu ya tatu kwenye daftari: dakika za debe la kwanza kila asubuhi, tuzijue nyundo mapema.

Hakujibu ule ujumbe. Lakini asubuhi iliyofuata, saa mbili ya Tabora, ilikuja picha ya daftari bila salamu. Safu ya tatu ilikuwepo, imepigwa mstari kwa rula, na chini yake kaandika: dakika 4.