Barua ya shangazi

Shangazi alitaka nimwandikie barua kwa Baraza la Ardhi la Kijiji, jirani amesogeza mpaka wa kihamba, shamba lake la nyumbani. Yeye aliishia darasa la pili. Aliniambia tu, "Andika ananionea." Hilo, baraza haliwezi kulifanyia kazi, basi nikaweka kalamu chini nikaanza kumuuliza.

Masale ya mpakani alipanda nani? "Baba yako mkubwa." Mwaka gani? Hakumbuki. Nikamuuliza alikuwa amembeba nani mgongoni siku ile. Akajibu papo hapo: kitinda mimba wake, alikuwa hajaanza kutambaa. Huyo binti kazaliwa 1987, kwa hiyo mwaka tukaupata. Nani mwingine alikuwepo? Akataja wazee wawili, mmoja bado yu hai. Shahidi huyo hapo!

Niliandika kwa maneno yake, kisha nikamsomea taratibu. Nilipofika "aling'oa masale yote" akanikatiza: "Hapana mwanangu, ya upande wa mfereji tu. Usimzidishie." Nikarekebisha. Akaweka dole gumba, nami nikaandika chini kwamba amesomewa na kukubali. Nakala moja amebaki nayo.